Mshahara wa Kwanza Unatoka Wapi?

Dizaina anayejitegemea huanza kuwaza kuajiri mwezi ambao kazi zimemzidi. Hoteli inataka posti za Instagram, shule inataka brosha, zahanati inabadilisha nembo, na saa nne usiku mteja bado anapiga: "Dada, ile kazi yetu imefikia wapi?" Mara nyingi huo pia ndio mwezi ambao malipo ya kazi kubwa yameingia, kwa hiyo akaunti inapendeza. Kijana mmoja anaitwa, wanakubaliana mshahara, kompyuta mpakato inanunuliwa. Baada ya miezi minne, mwenye kazi anakopa ili amlipe kijana.

Tatizo ni kwamba kazi kubwa hulipa mara moja, na mshahara unadaiwa kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama wakati wa kuajiri umefika asitazame jumla ya mapato. Atazame ile sehemu ya mapato inayojirudia bila yeye kwenda kuitafuta upya.

Tuchukue dizaina wa mfano, anayefanyia kazi nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Kwa wastani anaingiza shilingi milioni 4.5 kwa mwezi. Wateja wenye mkataba wa kila mwezi ni wawili: hoteli inayolipa 1,100,000 na zahanati inayolipa 900,000. Hela nyingine zote ni za kazi mojamoja, mwezi huu zipo, mwezi ujao Mungu anajua. Kwa hiyo anachoweza kukitegemea ni milioni 2. Akiondoa milioni 1.3 ya kodi ya nyumba, chakula na ada ya mtoto, inabaki 700,000.

Msaidizi anayemtaka naye anaomba 700,000, na hapo hesabu inaonekana kukubali. Haijakubali. Mwajiri huchangia NSSF asilimia 10 ya mshahara, yaani 70,000, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nusu asilimia, yaani 3,500. Kompyuta ya milioni 1.5 ikigawanywa kwa miaka miwili ni kama 62,500 kwa mwezi. Ongeza bando, umeme na programu za kudizaini, tuseme 110,000. Mtu wa laki saba anagharimu kama 950,000 kila mwezi, na huyo dizaina amepungukiwa 250,000 kabla hajaanza. Ana haki pia ya likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo, nazo kazi za hoteli hazitasimama kumsubiri.

Kuna kauli ya kusafisha mapema: hiyo 700,000 ni kabla ya makato au ni ya mkononi? Kwa viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2021, mtu wa mshahara huo hukatwa NSSF 70,000, kisha kodi 42,000, akabaki na 588,000. Ofisi ndogo nyingi zimeanza kwa ugomvi kwa sababu mmoja alitaja mshahara wa kwenye karatasi na mwenzake akasikia wa kwenye simu.

Hesabu ya pili ni ya saa, na hii watu wengi hawaifanyi kabisa. Akiwa peke yake, dizaina wetu anauza kama saa 110 za kazi kwa mwezi. Muda mwingine unakwenda kwenye profoma, vikao, foleni za Bagamoyo na kufuatilia madeni. Anaamini akipata mtu wa pili zitakuwa 220. Kwa miezi ya mwanzo haziwi. Msaidizi mgeni atatoa labda saa 90 ambazo mteja atazikubali bila kurudisha kazi. Mwenyewe atashuka hadi 70, maana sasa anaeleza kazi, anakagua, anasahihisha na kumtuliza mteja aliyezoea mkono wake. Jumla ni 160. Ofisi imepata saa 50 zaidi, na hizo ndizo zinatakiwa kubeba 950,000. Kama anauza saa moja kwa 40,000 zitaingiza milioni 2, ila kwa sharti moja tu: ziwe na kazi ya kuzijaza. Ndiyo maana dalili ninayoiamini kuliko zote ni daftari la kazi alizozikataa. Kama kwa miezi mitatu mfululizo amekataa kazi halali, za bei yake ya kawaida, zenye jumla ya saa 50 au zaidi kila mwezi, mtu wa pili ana pa kukaa. Uchovu peke yake hautoshi kuwa dalili. Pengine unasema tu kwamba bei ni ndogo, na kupandisha bei kwa robo ni rahisi kuliko kuajiri.

Kati ya kuwa peke yake na kuwa mwajiri kuna hatua ambayo wengi wa Dar wanaijua: deiwaka. Unamwita dizaina mwenzako kwa kazi moja, mnagawana, kila mtu anakwenda zake. Huu ndio uwanja mzuri wa kujifunza mgawo, na ndipo urafiki mwingi unapovunjikia, hasa watu wanapoanza na "tutagawana nusu kwa nusu" bila kusema nusu ya nini.

Tuseme kampuni moja imetoa kazi ya brosha na posti za miezi miwili kwa shilingi milioni 2. Kwanza ondoa gharama za kazi yenyewe: mpiga picha 250,000, sampuli za uchapaji 50,000, usafiri 50,000. Inabaki 1,650,000, na hiyo ndiyo ya kugawa. Mgawo ninaoupendelea hautazami nani ni nani, unatazama nani kafanya nini. Aliyedizaini apate asilimia 50, ambayo ni 825,000. Aliyeleta mteja apate asilimia 10, yaani 165,000. Anayesimamia kazi, kwa maana ya kupokea maelekezo, kukagua na kubeba marekebisho, apate asilimia 15, yaani 247,500. Asilimia 25 iliyobaki, 412,500, ni ya ofisi.

Kama deiwaka amedizaini kila kitu na mwenye ofisi ndiye aliyemleta mteja na kuisimamia kazi, basi mwenye ofisi na ofisi yake wameondoka na 825,000 nyingine. Deiwaka akiziona hesabu hizo bila maelezo atasema amenyonywa. Aelezwe mapema kwamba fungu la ofisi lina kazi yake. Mteja aliposema brosha irudiwe kwa mara ya nne, ofisi ndiyo iliyobeba. Mteja akichelewa siku 60, deiwaka analipwa kwa tarehe waliyokubaliana na ofisi ndiyo inayosubiri. Kodi ya mapato ya mwaka nayo hutoka humo. Mwenye ofisi asiyeweza kubeba haya, anayemwambia deiwaka "subiri na mimi nilipwe", hana haki ya kuchukua fungu hilo lote.

Kodi ya zuio huwachanganya watu hapa. Kampuni inayolipia huduma hukata asilimia 5, kwa hiyo katika milioni 2 inaingia 1,900,000. Hiyo 100,000 haijapotea. Ni kodi iliyolipwa mapema kwa jina la mwenye invoisi, na akidai cheti chake ataitumia kwenye hesabu zake za TRA. Kwa hiyo isikatwe kwenye fungu la deiwaka. Ila mwenye ofisi naye, anapomlipa deiwaka 825,000 kwa huduma katika biashara yake, anatakiwa kuzuia asilimia 5 yake, 41,250, aipeleke TRA na kumpa mwenzake cheti.

Deiwaka akija kila siku, hali inabadilika, hata kama ninyi wawili hamjabadilisha jina. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo ikiwa hata moja kati ya dalili kadhaa ipo: unamsimamia namna na saa za kazi, umempa vitendea kazi, anakutegemea wewe kwa kipato, hafanyii mtu mwingine kazi, au kwa miezi mitatu iliyopita amekufanyia wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi. Saa 45 ni chini ya saa kumi na mbili kwa wiki. Kijana anayekaa sebuleni kwako Jumatatu na Jumanne, anatumia kompyuta yako, tayari yumo. Siku mkikosana akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karatasi iliyoandikwa "mkandarasi huru" haitakusaidia sana. Mtu akishakuwa wa kila wiki, mwandikishe.

Mbia ni habari nyingine, na nitaisema kwa ufupi. Mkianza biashara ya ubia bila maandishi, sheria inawachukulia kuwa mnagawana faida sawa, hata kama mmoja analala ofisini na mwingine anapita Ijumaa. Madeni pia yanawafuata nyote. Andikeni nani anatoa nini, na anayetoka anaondoka na nini, hasa mafaili ya kazi na namba za wateja.

Turudi Sinza. Dizaina wetu akipata mteja wa tatu wa kila mwezi, wa 400,000, pengo la 250,000 limezibika. Bado asiajiri mpaka awe ameweka pembeni milioni 2.85, ambayo ni miezi mitatu ya gharama ya msaidizi. Miezi mitatu kwa sababu taasisi kubwa ikisema italipa siku 60 baada ya invoisi, faili likikosa saini moja inakuwa 90. Ofisi ndogo inaweza kufa ikiwa na kazi tele na inadai watu mamilioni. Dalili yake huonekana mapema kwa anayeandika hesabu: mshahara wa Machi umelipwa kwa advansi ya kazi ya Aprili. Ikitokea mara moja ni bahati mbaya. Ikitokea miezi miwili mfululizo, kazi ya Aprili inafanywa kwa hela ambayo haipo tena, na mpiga picha ndiye atakayekuwa wa kwanza kuzungushwa.

Atazame pia hoteli. Kwa hesabu mpya, inatoa 1,100,000 katika 2,400,000 zinazojirudia, karibu nusu. Meneja akibadilishwa au msimu wa wageni ukiwa mbaya, mkataba ule mmoja ukiondoka unaondoka na mshahara. Alinde angalau muda: mkataba na hoteli useme upande unaotaka kuuvunja utoe taarifa ya siku 60. Msaidizi anayelipwa kwa mwezi ana haki ya taarifa ya siku 28 kabla ya ajira kusitishwa, na akiwa ametimiza miezi 12 ana haki ya kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza. Hoteli ikitoa taarifa ya siku 60, mwenye ofisi anabaki na karibu mwezi mzima wa kutafuta mteja mwingine kabla hajalazimika kumwandikia kijana barua.