Siku ya Tatu, Mkunga Anapobisha Hodi

Mzazi aliyejifungua salama kwa kawaida huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya saa 24. Muda huo unatosha kujua kama damu inamtoka kupita kiasi na kama mtoto ameshika titi. Kuna mambo matatu, hata hivyo, ambayo huwa bado hayajajitokeza: maziwa hayajajaa, umanjano wa mtoto haujakolea, na presha ya mama, ambayo aghalabu hufika juu kabisa kati ya siku ya tatu na ya sita, bado imetulia. Yote matatu hukutwa nyumbani. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita.

Wanafunzi wa ukunga hupewa kazi ya kuandaa orodha hakiki ya ziara hiyo. Wengi hupanga viungo kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, na mbele ya kila kimoja huchora visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Fomu ya namna hiyo hujazwa haraka na haimwambii mtu kitu. "Anapumua: Ndiyo." Sasa nani asingeliona hilo?

Orodha ya mwanafunzi mmoja wa stashahada ina safu tatu badala ya visanduku: nilichokiona, mpaka wa hatari, na cha kufanya. Mpangilio wake haufuati mwili. Unafuata jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya nyumba. Tuingie nayo kwa mzazi wa mfano: huu ni uzazi wake wa kwanza, binti yake alizaliwa na kilo 3.1, na leo ni siku ya tatu.

Baada ya hodi na shikamoo kwa bibi, mstari wa kwanza unasema: usimguse mtoto. Akiwa amelala ndipo pumzi zake zinahesabika. Akishalia, hesabu imeharibika. Kanga inafunuliwa kidogo tu ili tumbo lionekane, na saa inatazamwa dakika nzima. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hakufai hapa, maana mtoto mchanga hupumua mbiombio, akatulia sekunde chache, kisha akaendelea. Zikifika 60 au zaidi, mkunga anasubiri kidogo na kurudia. Zikibaki hapohapo, au kifua cha chini kikibonyea ndani kila anapovuta hewa, safu ya tatu inasema hospitali, leo. Binti yetu ana 48.

Muda wote huo mama ameketi kitini, mgongo umeegemea, hana mtoto mikononi. Hilo limepangwa makusudi. Presha hupimwa mtu akiwa ametulia dakika tano, na dakika hizo zimeshapatikana bila yeye kuambiwa asubiri. Hata hivyo, mwanafunzi anammalizia kwanza mtoto aliyeanza kuamka.

Joto la kwapani ni 36.9, ndani ya nyuzi 36.5 hadi 37.5 zinazotakiwa. Kitovu ni kikavu, lakini kimepakwa unga wa majivu. Bibi anajieleza bila kuulizwa: kikichelewa kudondoka si vizuri, na kikiangukia sehemu za siri mtoto hatazaa. Orodha haiandiki hapa "imani potofu". Inauliza nini kimepakwa, kama ngozi inayozunguka kitovu ni nyekundu, na kama kuna usaha au harufu. Majivu na samadi vinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Mwanafunzi anamwambia bibi kwamba kitovu kikiachwa kikavu, na nepi ikikunjwa chini yake, kitadondoka chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili.

Mizani inaonyesha kilo 2.82. Mtoto amepungua gramu 280, yaani karibu asilimia 9 ya uzito wa kuzaliwa. Kupungua siku za mwanzo ni kawaida. Asilimia 10 ndiyo mpaka, na kwa mtoto huyu ingekuwa gramu 310. Hajauvuka, ila ameukaribia, na fomu ya Ndiyo na Hapana ingempitisha hivihivi. Orodha hii inadai sababu. Amekojoa mara ngapi tangu jana? Mara mbili, na kwenye nepi kuna doa la rangi ya machungwa. Siku ya tatu tunategemea angalau mara tatu. Choo bado ni cheusi, ilhali kingepaswa kuwa kinaelekea kijani.

Ndipo anapotazamwa rangi, karibu na dirisha, kwa kubonyeza ngozi kwa kidole na kuachia. Umanjano huanzia usoni na kushuka. Kwa mtoto mweusi, ufizi na weupe wa macho husema kweli kuliko mashavu. Huyu ana manjano usoni na kifuani; viganja na nyayo ni safi. Yangefika kwenye viganja na nyayo, au yangeanza kabla ya saa 24, asingesubiri.

"Mwanangu, tumtoe asubuhi apate jua?" bibi anauliza.

"Jua halitamtibu, bibi. Anachohitaji sasa ni maziwa. Tumwone ananyonya."

Tatizo linaonekana mara moja. Mtoto ameshika chuchu peke yake, midomo imebinywa, na mama anakunja uso kwa maumivu. Mwanafunzi anamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, anasubiri afungue kinywa wazi, kisha anamsogeza kwenye titi mpaka kidevu kiguse na mdomo wa chini ugeuke nje. Baada ya muda mfupi kumeza kunasikika. Safu ya tatu inajazwa: anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia, apimwe uzito kesho.

Wengi wangefunga daftari hapo. Mgeni mwenye nyumba ni mtoto, na mama amegeuka kuwa wa kuhudumia tu. Damu yake ya uzazi ni nyekundu, hailowanishi pedi nzima ndani ya saa moja, tumbo la uzazi ni gumu na limeshuka chini ya kitovu, hana homa. Presha: 148 kwa 94. Kichwa kinamuuma tangu jana usiku.

"Ni usingizi, hajalala huyu," anasema bibi, na kweli hajalala. Lakini maji yaliyojikusanya mwilini wakati wa ujauzito hurudi kwenye mishipa siku hizi, na presha hupanda hata kwa mwanamke ambaye kliniki hakuwahi kuambiwa lolote. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mtu ambaye ameshajifungua. Mpaka ulioandikwa ni 140 kwa 90. Baada ya dakika 15 kipimo kinarudiwa: 146 kwa 96. Angeonekana na 160 kwa 110, gari lingeitwa hapohapo, hata bila maumivu yoyote. Kwa kiwango hiki, pamoja na kichwa kinachouma, ni lazima aonwe leo hii. Macho yakiona ukungu, au akipata maumivu chini ya mbavu za kulia, ni dharura.

Mzazi anasitasita, arobaini haijafika, hatakiwi kutoka. Mstari wa mwisho wa orodha uliandikwa kwa ajili ya wakati kama huu, nao hauhusu ugonjwa. Unauliza nani ana neno la mwisho nyumbani, nani atamsindikiza, usafiri ni upi. Mwanafunzi anamgeukia bibi, anampigia simu mume, na anaandika rufaa yenye vipimo vyote viwili na saa zake. Mtoto anakwenda na mama yake ili asikose kunyonya, na huko huko atapimwa uzito wa kesho.