Kwa Nini Mauzo Huanza na Sifuri Januari

Tuseme duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro linafunga hesabu Desemba 31. Akaunti ya mauzo ina shilingi milioni 48. Gharama zote, milioni 41.

Mhasibu anadebiti mauzo milioni 48, kisha anakrediti kila akaunti ya gharama kwa salio lake. Zote zinabaki sifuri. Tofauti, faida ya milioni 7, inapitia akaunti ya faida na hasara na kuingia kwenye mtaji wa mwenye duka.

Fedha, saruji iliyo stoo na madeni haviguswi, kwani Januari mosi bado vipo. Mauzo yalikuwa ya mwaka ule tu.

Akisahau kufunga, mauzo ya Januari ya milioni 3 yatasomeka milioni 51, na mwenye duka atashangilia bure. Dalili iko kwenye urari wa baada ya kufunga: ukionyesha hata mstari mmoja wa kodi ya pango, kazi haijaisha.