Tovuti Imechelewa, Domeni Iko kwa Nani?

Tuchukue mfano wa gesti ya vyumba 12 huko Nyali, Mombasa. Mwenyewe amepatana na fundi wa tovuti kwa shilingi 90,000, nusu kabla ya kazi, na tovuti iwe hewani tarehe 1 Desemba, wageni wa Krismasi wasimpite. Tarehe inafika, inapita. Kilichopo ni picha za vyumba na namba ya simu. Kitufe cha kulipia kwa M-Pesa hakifanyi kazi.

"Kijana wangu, wageni watalipa vipi?"

"Bado kidogo tu, mama."

Siku ya kumi anaandika barua akidai vyote kwa mkupuo: malipo ya M-Pesa, faili na domeni. Hapo ndipo anapojikwaa, kwa sababu madai hayo hayana uzito mmoja.

Kitufe kina njia ya kukipima. Kwenye mipangilio ya malipo, kama namba ya biashara inasomeka `174379`, hiyo ni namba ya majaribio ambayo Safaricom huwapa mafundi, na hakuna senti itakayofika gesti. Fundi ameishia kwenye majaribio. Lakini kuhamia malipo halisi kunahitaji paybill au till ya gesti yenyewe, pamoja na idhini ya anayesimamia akaunti hiyo. Kama mama hakuzitoa, lawama ni ya wawili. Tena, karatasi ya makubaliano ilitaja M-Pesa, au iliandikwa tu "tovuti ya kisasa"? Maneno hayo hayamfungi mtu.

Kuhusu faili, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 iko upande wake: hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabika imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Programu za watu wengine zilizotumika ndani yake hazihami. Kama tovuti ni ya WordPress, aombe folda ya `wp-content` na nakala ya hifadhidata, ile faili ya `.sql`. Bila hiyo ya pili atapata picha na mapambo, maandishi ya kurasa hatayaona.

Domeni ndiyo inayouma. Mara nyingi fundi huinunua kwa akaunti yake na barua pepe yake, wala si kwa hila. Ni haraka tu. Basi ankara ya kila mwaka humwendea yeye. Akinuna, au akibadilisha kazi, jina linakwisha muda kimyakimya, na barua pepe za gesti zinazimika nalo. Ada yenyewe haifikii bei ya chumba kwa usiku mmoja.

Mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Inafaa kwa kudai 45,000 zilizotangulia. Domeni inayokwisha wiki ijayo haiwezi kungoja hivyo, kwa hiyo barua ya kwanza iombe hiyo peke yake: jina la mmiliki libadilishwe, domeni ihamie akaunti ya gesti, na salio la fundi libaki mezani mpaka kitufe kipokee shilingi ya kwanza.