Mistari miwili nyuma ya chati ya dhahabu

Bei ya dhahabu katika soko la dunia hutajwa kwa dola za Marekani kwa kila wakia, ambayo ni takriban gramu 31.1. Kwa hiyo chati iitwayo XAUUSD haionyeshi dhahabu peke yake, bali dhahabu ikipimwa kwa dola. Mstari wake ukipanda, huenda dhahabu imepata wanunuzi wengi, au huenda dola yenyewe imeshuka thamani. Ili kujua ni lipi limetokea, chati hiyo husomwa pamoja na nyingine mbili: ya nguvu ya dola na ya riba halisi.

Nguvu ya dola hupimwa kwa kipimo kiitwacho DXY, kinacholinganisha dola na sarafu sita, huku euro peke yake ikichukua zaidi ya nusu ya uzito. Dola ikipanda, dhahabu huwa ghali kwa wanaonunua kwa sarafu nyingine, na bei yake ya dola huelekea kushuka. Uhakiki wake ni rahisi: ikiwa dhahabu imepanda kwa dola lakini kwa euro imebaki palepale, kilichobadilika ni dola.

Riba halisi hugusa udhaifu mkubwa wa dhahabu: haizai chochote ikiwa imehifadhiwa. Mshindani wake ni hati fungani ya serikali ya Marekani, inayolipa riba. Kama hati ya miaka 10 inalipa asilimia 4 na soko linatarajia mfumuko wa bei wa asilimia 2.3 kwa mwaka, mwenye hati hubaki na asilimia 1.7. Hiyo ndiyo riba halisi, na ndiyo gharama ya kuamua kushika dhahabu badala ya hati. Tangu 1997 Marekani huuza pia hati ambazo mtaji wake huongezeka kadiri bei za bidhaa zinavyopanda, kwa hiyo riba yake tayari ni halisi. Takwimu za hati hizo za miaka 10 hupatikana bure katika hifadhidata ya FRED kwa jina DFII10.

Chati hizo tatu hupangwa moja juu ya nyingine kwa tarehe zilezile, ikitosha bei ya kufunga kila wiki. Vipimo vya DXY na DFII10 hupinduliwa juu chini, ili mistari yote ielekee upande mmoja inapokubaliana.

Kipindi cha 2020 hadi 2022 kinaonyesha makubaliano hayo waziwazi. Mwanzoni mwa Agosti 2020 riba halisi ilikuwa imezama hadi karibu asilimia 1 chini ya sifuri na DXY ilikuwa karibu 93. Dhahabu ikapita dola 2,060. Mwezi Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba. Kufikia mwishoni mwa Septemba riba halisi ilikuwa imevuka asilimia 1.5 na DXY ikagusa 114, huku dhahabu ikishuka hadi karibu dola 1,630.

Mwaka huohuo uliwanasa wengi. Mwezi Juni mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1. Aliyetoa idadi hiyo kwenye riba ya hati ya miaka 10, iliyokuwa karibu asilimia 3, aliona riba halisi iko mbali chini ya sifuri na akatarajia dhahabu kupanda. Kosa lake ni kutumia mfumuko wa mwaka uliopita, ilhali mwenye hati huangalia ule wa miaka 10 ijayo. DFII10 ilikuwa tayari juu ya sifuri na ikipanda.

Hata hivyo, mistari hii huweza kuachana. Mwezi Oktoba 2023 riba halisi ilikaribia asilimia 2.5, juu zaidi kuliko 2022, lakini dhahabu haikushuka chini ya dola 1,800. Mwaka mmoja baadaye ilivuka dola 2,700, riba halisi ikiwa karibu asilimia 2. Sababu kubwa ni benki kuu za nchi mbalimbali, zilizonunua zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka katika 2022, 2023 na 2024. Akiba za Urusi zilizokuwa nchi za Magharibi zilizuiwa mapema 2022, na baadhi ya nchi zikaona usalama katika mali isiyozuilika kwa amri ya mwingine. Mnunuzi wa namna hiyo haanzi kwa kuuliza riba.

Dalili ya mabadiliko hayo ni dhahabu kukataa kushuka kwa wiki nyingi wakati dola na riba halisi zote zinapanda. Hapo bei haiwezi tena kukadiriwa kwa kiwango cha riba cha zamani. Kinachobaki na manufaa ni kulinganisha mabadiliko ya wiki kwa wiki, kwa kuwa riba halisi inapopanda ghafla, dhahabu bado mara nyingi hutikisika, hata ikiwa kwenye mkondo wa kupanda.