Moyo uliojaa: nahau katika maelezo ya picha

Chini ya picha ya bibi aliyezungukwa na wajukuu, mwandishi wa Kiingereza huweka nahau ambayo neno kwa neno ni "moyo wangu umejaa". Katika Kiswahili kauli hiyo haijakamilika, kwani msomaji husubiri kuambiwa umejaa nini: huzuni, chuki au furaha. Kuongeza "furaha" huondoa utata, lakini hugeuza utulivu kuwa shangwe, ilhali nahau ya Kiingereza husema kutosheka. Hisia hiyo hubebwa na kitenzi *suuzika*: "Moyo wangu umesuuzika." Hata hivyo, picha ikionyesha ushindi dhidi ya mpinzani, kauli hiyo huweza kusikika kama kejeli, hapo "moyo wangu umeridhika" hufaa zaidi.