Makato Yaliyoandikwa Si Makato Yaliyolipwa

Kila mara kadi ya matibabu inapokataliwa hospitalini mjini Bunia, swali linaloulizwa ni lile lile: mutuele ya afya, yaani chama cha kuchangiana gharama za matibabu, inawezaje kukataa kumlipia mtu ambaye hati zake za mshahara zinaonyesha mwezi baada ya mwezi kwamba amekatwa? Swali hili limebisha kwenye mlango usio wake. Linaelekezwa kwa karani wa mapokezi ambaye hana la kulijibu, kisha kwa mutuele ambayo haikuona faranga hata moja, na wakati huo wote anayepaswa kuulizwa, yaani mwajiri, anaendelea na shughuli zake bila kusumbuliwa na yeyote.

Chanzo cha kosa hili ni imani kwamba hati ya mshahara ni risiti ya mutuele. Imani hiyo imeenea hata kwa watu waliosoma, wenye kujua hesabu, na ni vigumu kuelewa kwa nini inaendelea kudumu, kwa kuwa hati yenyewe ikisomwa vizuri inaikanusha. Hati ya mshahara ni maelezo ambayo mwajiri huyaandika mwenyewe, katika ofisi yake, kumwonyesha mfanyakazi jinsi kiasi cha juu kilivyofikia kiasi cha chini alichopewa mkononi au katika akaunti. Mutuele haishiriki kuiandika, haiisaini, wala haiioni. Hakuna mahali popote katika hati hiyo ambapo mtu wa mutuele amekiri kupokea kitu.

Inafaa kuangalia kinachotokea kwa fedha zenyewe siku ya malipo. Mwajiri anapoandika mshahara wa jumla wa faranga 800,000, kisha akaandika chini yake makato ya mutuele ya faranga 20,000, hakuna fedha iliyosafiri kwenda popote kwa sababu ya mstari huo. Faranga 20,000 zimebaki pale pale zilipokuwa, yaani katika akaunti ya mwajiri, na kilichotokea ni kwamba mfanyakazi amelipwa pungufu kwa kiasi hicho. Ili mutuele ipate fedha hizo, lazima kitendo cha pili kifanyike, ambacho ni kutuma fedha pamoja na orodha ya majina ya wanaochangiwa. Kitendo cha kwanza hufanyika kila mwezi bila kukosa, kwa maana kinamwachia mwajiri fedha zaidi; kitendo cha pili ndicho kinachosahauliwa pindi biashara inapolegea, mfadhili anapochelewa, au mhasibu anapoamua kwamba mafuta ya jenereta ni ya haraka kuliko mchango wa afya.

Tofauti kati ya vitendo hivyo viwili si hila ya mwanasheria wa Bunia. Nchini Kenya, ambako tangu Oktoba 2024 mchango wa mfuko wa afya ni asilimia 2.75 ya mshahara wa jumla na mwajiri hutakiwa kuuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaona kukata bila kuwasilisha kuwa kosa la jinai linalojitegemea. Sheria isingekuwa na haja ya kulitaja kosa hilo kama kukata peke yake kungekuwa ni kulipa.

Hati ya mshahara basi haina thamani? Ina thamani kubwa, ila inathibitisha jambo lililo kinyume na lile ambalo wengi hudhani. Kwa mutuele haithibitishi chochote. Kwa mwajiri ni ungamo lililoandikwa kwa mkono wake kwamba alizuia fedha za mfanyakazi kwa kusudi lililotajwa, na kuanzia hapo ni yeye anayepaswa kuonyesha zilikokwenda. Anayeipeperusha hati hiyo mbele ya dirisha la hospitali anatumia silaha nzuri dhidi ya mtu asiyehusika.

Kuna mkanganyiko mwingine unaopaswa kuondolewa kabla ya barua yoyote ya madai kuandikwa kwa mwajiri. Hati nyingi zina mstari wa CNSS, ambao ni mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na wapo wanaouchukua kuwa bima ya afya. Chini ya sheria ya tarehe 15 Julai 2016, CNSS hushughulikia pensheni, ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na posho za familia. Asilimia 5 anayokatwa mfanyakazi huingia katika pensheni. Malaria au upasuaji wa ngiri havimo. Anayemtuhumu mwajiri kwamba hakupeleka bima ya afya huku akionyesha mstari wa CNSS atajibiwa kwa sentensi moja, na malalamiko yake ya kweli, kama yapo, yatazikwa pamoja na yale ya uongo.

Jambo ambalo karibu kila mlalamikaji huliacha ni kwamba nchini Kongo matibabu ya mfanyakazi hayakuanza kuwa mzigo wa mutuele. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtwika mwajiri mwenyewe wajibu wa kumpatia mfanyakazi na familia yake matibabu, dawa na kulazwa. Mwajiri anaweza kuutimiza wajibu huo kupitia zahanati yake, mkataba na hospitali, au mutuele, lakini njia aliyoichagua ikikatika wajibu unabaki kwake. Na kwa kuwa Kanuni hiyo hiyo inataja makato yanayoruhusiwa kufanywa juu ya mshahara, hata uhalali wa kumkata mfanyakazi kwa ajili ya mzigo wa mwajiri unaweza kuhojiwa.

Uzito wa jambo hilo unaonekana katika mfano wa kubuni. Mfanyakazi mwenye mshahara uliotajwa hapo juu amekatwa faranga 20,000 kila mwezi kuanzia Januari hadi Septemba. Mutuele ilipokea michango ya Januari hadi Aprili, kisha hakuna kilichofika. Mwezi wa Septemba mfanyakazi anafanyiwa upasuaji, kadi inakataliwa, naye analipa faranga 650,000 kwa mkopo wa ndugu. Akiandika kwamba anataka arudishiwe makato yake, atakuwa anadai miezi mitano, yaani faranga 100,000, na mwajiri mwerevu atazilipa siku hiyo hiyo kwa furaha na kumsainisha kwamba hamdai tena. Faranga 650,000 zilizokuwa dai lenyewe zimepotea kwa sentensi moja iliyoandikwa vibaya.

Dawa ya mtaani inayoshindana na barua ni kumpeleka mwajiri kwenye parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, kwa kosa la kuvunja uaminifu. Kosa hilo limo katika sheria ya adhabu ya Kongo na lina kifungo, lakini mawakili wa utetezi hawatakosa kusema kwamba mwajiri hakukabidhiwa fedha na mfanyakazi bali alishindwa kulipa deni lake lote, na ubishi huo huweza kula miezi. Tena Ituri imekuwa chini ya hali ya kuzingirwa tangu tarehe 6 Mei 2021, hatua iliyohamishia mashauri ya jinai kwenye mahakama za kijeshi, na ingawa mwezi wa Oktoba 2023 Rais alitangaza kuilegeza hatua kwa hatua, mtu anayetaka kulipiwa bili ya hospitali hana sababu ya kuanzia kwenye njia ambayo hata ikifaulu humpa mfungwa badala ya fedha.

Kwa hiyo kwanza ipatikane taarifa ya maandishi kutoka mutuele inayosema mchango wa mwisho uliopokelewa kwa jina la mwanachama ulikuwa wa mwezi gani. Bila karatasi hiyo hakuna wa kutuhumiwa, kwa sababu kadi hukataliwa pia pale fedha zilipofika lakini jina likaachwa nje ya orodha au likaandikwa visivyo. Njia ya haraka ya kujua ni kuwauliza wafanyakazi wenzake: akikataliwa mmoja peke yake, kosa huwa katika orodha, wakikataliwa wote tangu mwezi mmoja, fedha hazikutumwa.

Kisha barua kwa mwajiri, ya ukurasa mmoja, yenye heshima na isiyo na neno wizi. Itaje miezi kwa majina, kiasi cha kila mwezi, na tarehe ya taarifa ya mutuele, halafu iombe mambo matatu yaliyotenganishwa: uthibitisho wa malipo ya miezi hiyo kama upo, kama haupo, michango yote ipelekwe ndani ya siku zinazotajwa, na bili za hospitali zilizolipwa wakati huo zirejeshwe zote, nakala zikiwa zimeambatishwa. Nakala ya barua isainiwe na aliyeipokea, pamoja na tarehe. Wafanyakazi kadhaa wakiwa na tatizo moja, barua ipitie kwa mjumbe wa sendika, kwani mwajiri huona taabu zaidi kumtenga mmoja. Hofu ya kufukuzwa ina msingi katika maisha, lakini Kanuni ya Kazi haikubali malalamiko dhidi ya mwajiri kuwa sababu halali ya kuvunja mkataba.

Mwajiri akinyamaza, hatua inayofuata ni mkaguzi wa kazi, ambaye huziita pande mbili kwa upatanisho, na hii si adabu tu: mahakama haipokei shauri la kazi ambalo halikupita kwake kwanza. Upatanisho ukishindikana, hutolewa hati ya kutopatana, nayo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Kuchelewa kuna gharama, kwa sababu madai ya mshahara hufa baada ya mwaka mmoja tangu ulipostahili kulipwa na madai mengine ya mkataba wa kazi baada ya miaka mitatu. Malalamiko yaliyofikishwa kwa mkaguzi hukatiza muda huo, manung'uniko ya mdomo katika ofisi ya mhasibu hayakatizi kitu.

Hutokea pia kwamba mwajiri, baada ya kupokea barua, hulipa malimbikizo yote kwa mkupuo na kutangaza kwamba mambo yamekwisha. Lakini mutuele huwa na muda wa kungojea, yaani wiki au miezi ambayo mwanachama aliyerudi huchangia bila kulipiwa, na kwa kawaida hailipii ugonjwa uliotibiwa wakati mchango ulipokuwa umekatika. Upasuaji wa Septemba, pamoja na matibabu yote ya muda wa kungojea, hubaki katika hesabu ya mwajiri, na barua ya pili ya kusema hivyo iandikwe kabla mfanyakazi hajasaini karatasi yoyote ya kumaliza mgogoro.