Faili Lisilokubali Kufutwa

Kompyuta ya Windows mara nyingi hukataa kufuta faili kwa moja ya sababu mbili zisizofanana, na ujumbe unaotokea kwenye skrini husema ni ipi kati yake. Ukitaja kwamba faili limefunguliwa, ipo programu inayolishikilia. Ukitaja ruhusa, tatizo ni la umiliki. Watu wengi hubofya tu na kuufunga bila kuusoma, kisha wakahangaika na dawa ya ugonjwa mwingine.

Programu inapofungua faili, huiarifu Windows kama programu nyingine zinaruhusiwa kulisoma, kuliandika au kulifuta wakati huohuo. Nyingi haziruhusu kufuta, na Windows huliheshimu sharti hilo hadi programu iliachie faili. Linux haina ukali huo: jina la faili hufutika papo hapo, ila nafasi kwenye diski hairudi mpaka programu inayolitumia ifungwe.

Tuseme video iitwayo harusi.mp4 haifutiki, ingawa kicheza video kimeshafungwa. Kwanza ni kungoja dakika moja, maana huenda programu ya kuzuia virusi inaikagua. Ikiendelea kugoma, andika `resmon` kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows ili kufungua Resource Monitor. Nenda kwenye CPU, kisha uandike "harusi" katika kisanduku cha kutafutia cha Associated Handles. Yakitokea majina kama POWERPNT.EXE, mshikaji amejulikana: huenda video hiyo imeunganishwa na wasilisho la PowerPoint ambalo bado liko wazi. Hifadhi kazi, funga programu kwa njia ya kawaida, ufute video. Kuilazimisha ifungwe kwa End Process kuwe hatua ya mwisho, kwa kuwa kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Mshikaji asipopatikana, kuwasha upya kompyuta mara nyingi humaliza ubishi.

Umiliki hujitokeza sana kwenye diski iliyotolewa katika kompyuta nyingine. Faili zake huwa bado ni mali ya akaunti ya kule, ambayo Windows ya hapa haiitambui. Command Prompt ikifunguliwa kwa Run as administrator, amri ya kwanza hapa chini huchukua umiliki, na ya pili humpa mtumiaji haki zote juu ya faili hilo:

```
takeown /f "D:\Zamani\kodi.pdf"
icacls "D:\Zamani\kodi.pdf" /grant "%username%":F
```

Baada ya hapo faili hufutika kama mengine. Amri hizohizo zinaweza kufungua hata faili zilizo chini ya folda ya C:\Windows, ambazo nyingi mmiliki wake huandikwa TrustedInstaller. Hizo ziachwe zilivyo, kwani kufuta moja tu isiyofaa kunaweza kuifanya kompyuta isiwake tena.